PAS, ZN na trikromu kwenye biopsi moja ya ini: mwongozo kamili wa kutia rangi na kusoma slaidi

Tuchukue kesi ya mfano, ya aina ambayo maabara yoyote ya histolojia Dar es Salaam inayopokea rufaa za mikoani inaweza kuipata. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 38, mvuvi kutoka Ukerewe. Amekuwa na homa za kuja na kuondoka, amepungua uzito, na ini lake limevimba. Daktari amechukua biopsi ya sindano, kipande chembamba chenye urefu wa sentimita moja na nusu hivi, na kwenye fomu ameandika: "TB ya ini? Naomba ZN."

Slaidi ya kwanza ya H&E, rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, inaonyesha granuloma kadhaa, yaani vifundo vya seli za kinga, zote zikiwa kwenye maeneo ya porta, yaani pale mshipa lango, ateri na kijia cha nyongo vinapopita pamoja. Katikati ya granuloma hakuna uozo wa jibini unaotarajiwa kwenye TB, ila pembeni kuna eosinofili nyingi, seli nyeupe za damu ambazo huongezeka kwenye maambukizi ya minyoo. Baadhi ya makrofaji ya ini, seli zinazomeza mabaki na vijidudu, yana punje za rangi ya kahawia. H&E imeshasema kwamba kuna granuloma, lakini haiwezi kusema nani amezisababisha. Hapo ndipo rangi maalumu zinapoingia, na kila moja inajibu swali lake. PAS, yaani asidi ya periodiki na Schiff, inatafuta sukari zilizofungamana kwenye tishu, na kwa hiyo inaonyesha glaikojeni, kamasi, tando za chini ya seli na kuta za fangasi. ZN, yaani Ziehl-Neelsen, inatafuta kitu kinachoshikilia rangi hata kikioshwa kwa asidi. Trikromu inatenganisha misuli na kolajeni, yaani nyuzi zinazojenga kovu, na kwa njia hiyo inaonyesha kovu lilipo na lilivyokaa.

Daktari aliomba ZN peke yake. Nitaeleza kwa nini kwa kesi hii ZN peke yake ingeweza kumpeleka mgonjwa kwenye miezi ya dawa za TB asizozihitaji.

Kata seksheni zote kwa mkupuo mmoja

Biopsi ya sindano haina tishu ya kupoteza. Kila unaporudisha bloku ya nta yenye tishu kwenye mikrotomu, mashine inayokata seksheni nyembamba, unalazimika kuisawazisha upya, na usawazishaji huo unakula tishu. Ukikata leo kwa ajili ya H&E, kesho ZN, keshokutwa trikromu, granuloma yenyewe inaweza kuwa imeishia kwenye takataka za mikrotomu. Kwa hiyo tishu ya ini ya sindano ikifika, kata seksheni kama kumi za mikromita 4 kwa mfululizo na uzipe namba kwa penseli kufuata mpangilio wake. Ya kwanza na ya mwisho zipakwe H&E, nyingine zikae bila rangi zikisubiri. Namba ni muhimu, kwa sababu ukiona kitu kwenye seksheni ya nne utataka kukifuata kwenye ya tano.

Tumia slaidi zilizopakwa gundi ya kushikilia tishu. ZN inahitaji joto na trikromu inapita kwenye asidi nyingi, na seksheni isiyoshika vizuri itang'oka katikati ya kazi. Hewa ya pwani nayo ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na slaidi inayoonekana kavu mara nyingi bado ina maji chini ya tishu. Iache kwanza isimame wima maji yachuruzike, ndipo uiweke kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa nzima.

Maji ya beseni la kutandazia seksheni yabadilishwe kila siku, na beseni lisuguliwe. Nitarudi kwenye hoja hii tukifika kwenye ZN.

PAS, na pacha wake mwenye diastasi

Kemia ya PAS ni ya hatua mbili. Asidi ya periodiki inavunja sukari pale penye vikundi viwili vya haidroksili vinavyopakana, na inaacha aldehidi mahali pale. Kisha kitendanishi cha Schiff, ambacho kikiwa kizima hakina rangi, kinakamata aldehidi hizo na kugeuka zambarau-nyekundu. McManus aliitumia njia hii kuonyesha kamasi mwaka 1946, na misingi yake haijabadilika.

Kwenye ini kuna tatizo moja la wazi: seli za ini zimejaa glaikojeni, akiba ya sukari ya mwili. Ukipaka PAS ya kawaida, ini lote linawaka zambarau na chochote kidogo kinachojificha ndani yake hakionekani. Ndiyo maana slaidi huenda mbili kwa pamoja. Moja hutiwa diastasi kwanza, kimeng'enya kinachoyeyusha glaikojeni na kuacha sukari nyingine mahali pake. Ya pili hubaki bila diastasi. Kilichopo kwenye slaidi zote mbili si glaikojeni. Kilichotoweka kwenye ya diastasi ni glaikojeni.

Ondoa nta kwenye slaidi zote kwa zailini, zipitishe kwenye alkoholi hadi majini. Slaidi ya diastasi iweke kwenye diastasi ya kimea ya asilimia 0.1 iliyoyeyushwa kwenye bafa ya fosfeti ya pH 6.0, kwa nyuzi 37, saa moja. Pacha wake akae kwenye bafa hiyohiyo isiyo na diastasi, kwa joto lilelile na muda uleule. Hapo tofauti utakayoiona itakuwa imeletwa na kimeng'enya, si na kulowekwa. Maabara ikiishiwa diastasi, mate ya binadamu yana amilesi inayofanya kazi hiyohiyo, na mafundi wengi wa zamani walifanya hivyo.

Osha kwenye maji yanayotiririka dakika kumi. Kuanzia hapa slaidi zote zinakwenda pamoja: asidi ya periodiki ya asilimia 1 kwa dakika 5, suuza vizuri kwa maji yaliyokenekwa, kisha Schiff kwa dakika 15. Ukizitoa kwenye Schiff zitakuwa na waridi hafifu tu, na anayeanza kazi hii anaweza kudhani rangi haikushika. Ziweke kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika kumi, na utaona rangi ikikolea mbele ya macho. Kisha hematoksilini kwa dakika moja ili kuonyesha viini, osha hadi viwe vya buluu, pandisha kwenye alkoholi, zailini, na ufunike kwa kavaslipu.

Adui mkubwa wa PAS ni Schiff iliyochoka. Schiff inatunzwa kwenye friji, ndani ya chupa ya kahawia iliyofungwa sana, na inatolewa kabla ya matumizi ili ifikie joto la chumba. Dioksidi ya salfa ikitoroka, kimiminika kinaanza kuwa cha waridi, na hapo kimepoteza nguvu. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikapata joto, usiamini chupa kwa kuitazama tu. Mimina mililita kumi za formalini kali, ile ya asilimia 37 hadi 40, kwenye chombo kidogo, kisha dondosha matone machache ya Schiff. Ikiwa nzima, itageuka zambarau yenye wekundu papo hapo. Ikichelewa na kuwa na rangi ya kuelekea buluu, itupe. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika, na sioni sababu ya kukiruka hata siku yenye kazi nyingi.

Kontroo ya PAS yenye diastasi, yaani tishu ya kulinganishia, inapaswa kuwa ini lenye glaikojeni inayojulikana, nayo ipite kwenye slaidi mbili kama tishu ya mgonjwa. Mgonjwa aliyekonda na asiyekula vizuri anaweza kuwa na glaikojeni kidogo sana kwenye ini. Slaidi yake ikitoka hafifu, kontroo ndiyo itakayokuambia kama tatizo ni Schiff au ni mgonjwa mwenyewe. Kadhalika, ikiwa kontroo ya diastasi bado ina zambarau nyingi ndani ya seli, kimeng'enya hakikufanya kazi, na huwezi kusoma chochote kwenye slaidi ya mgonjwa hadi urudie. Jambo jingine la kuuliza ni tishu ilihifadhiwa kwenye nini. Glutaraldehidi inaacha aldehidi zake kwenye tishu, na Schiff itazikamata zote, kwa hiyo kila kitu kitaonekana chanya.

Kwenye kesi yetu, slaidi isiyo na diastasi ina glaikojeni ya wastani ndani ya seli za ini. Kwenye ya diastasi imeondoka, na sasa ini limetulia kiasi cha kuonyesha vitu vidogo. Tando za chini za vijia vya nyongo zimebaki kama mstari mwembamba wa zambarau, na hiyo ni kontroo ya ndani, inathibitisha kwamba Schiff ilifanya kazi kwenye tishu hii hasa. Tunaingia ndani ya granuloma na kutafuta fangasi. Histoplazma ya kawaida ni viduara vya mikromita 2 hadi 4 vilivyojazana ndani ya makrofaji, kuta zake zikiwa na zambarau. Ile aina ya Kiafrika, duboisii, ni kubwa zaidi, mikromita 8 hadi 15. Hatuoni hata kimoja. PAS inaweza kukosa histoplazma zilizokufa zamani, kwa hiyo kama shaka ingekuwa kubwa tungeongeza rangi ya fedha ya Grocott.

Tunachokiona ni punje za zambarau ndani ya makrofaji ya ini, ndogo, zisizo sawa kwa ukubwa, na hazikuondoka kwa diastasi. Hizo ni seroidi, mabaki ya mafuta na tando za seli zilizokufa yaliyomezwa na makrofaji. Zikumbuke, kwa sababu zitatusumbua kwenye ZN.

ZN, na kitu chekundu ambacho si bakteria

Bakteria wa TB ana ukuta wenye asidi za mikoliki, mafuta mazito yanayozuia rangi kuingia. Ikishaingia kwa msaada wa fenoli na joto, mafuta hayohayo yanazuia isitoke hata ukiosha kwa asidi. Ziehl na Neelsen waliboresha njia hii mara tu baada ya Koch kutangaza bakteria wa TB mwaka 1882, nayo bado ndiyo inayotumika.

Rangi yenyewe ni kaboli-fuksini: gramu 1 ya fuksini besi iliyoyeyushwa kwenye mililita 10 za alkoholi kamili, kisha mililita 100 za maji yenye fenoli ya asilimia 5. Ichuje kila unapoitumia. Chembe ambazo hazikuyeyuka zinatua kwenye tishu na kuonekana kama vijiti vyekundu. Fenoli inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu na fanya kazi penye hewa.

Peleka seksheni hadi majini, mwaga kaboli-fuksini iliyochujwa juu ya slaidi na uipashe kwa moto wa chini hadi mvuke utoke. Isichemke. Endelea kuipasha kila mvuke unapopungua, ukiongeza rangi ili isikaukie, kwa dakika kumi. Kama una beseni la maji ya nyuzi 60, tumbukiza slaidi kwenye rangi iliyopashwa tayari kwa dakika 30. Binafsi napenda beseni zaidi kwa sababu joto lake ni tulivu na seksheni hazing'oki ovyo. Acha ipoe, osha kwa maji.

Sasa inakuja hatua inayotenganisha kazi nzuri na mbaya: alkoholi yenye asidi. Kwa seksheni tumia asidi hidrokloriki ya asilimia 1 ndani ya alkoholi ya asilimia 70. Mwaga, tikisa, mimina, suuza, tazama, rudia hadi tishu ibaki na waridi hafifu sana. Usiamini saa, amini hadubini: seli nyekundu za damu zikiwa na waridi kidogo tu, umefika. Ukiacha mapema, kila kitu kitakuwa chekundu na utaona "bakteria" kila kona. Ukizidisha mno, hata bakteria wa kweli wanaweza kufifia. Wa ukoma ni dhaifu zaidi kuliko wa TB, na ndiyo maana ngozi ya mgonjwa wa ukoma inapakwa njia ya Fite, yenye asidi laini na mafuta ya karanga, si ZN hii.

Osha dakika tano, kisha methilini buluu ya asilimia 0.1 kwa sekunde 30. Hapa wengi wanaharibu. Buluu ikikolea inawafunika bakteria, nawe unataka samawati nyepesi tu ya kukuonyesha tishu ilipo. Suuza, kausha, pita haraka kwenye alkoholi kamili, zailini, funika.

Kila ZN iende na kontroo mbili. Ya kwanza ni tishu yenye TB inayojulikana. Ya pili ni tishu isiyo na TB, iliyokatwa kwenye beseni lilelile na kuoshwa kwa maji yaleyale. Mikobakteria wasioleta ugonjwa wanaishi kwenye mabomba na kwenye matangi ya maji, simtanki la juu ya paa likiwemo, na wao pia hushika ZN. Ndiyo maana nilisisitiza beseni kusuguliwa. Wakionekana kwenye kontroo isiyo na TB, ujue wametoka kwenye maji au kwenye rangi. Dalili nyingine ni mahali walipo: bakteria wa mgonjwa yuko ndani ya tishu, unamwona kwa fokasi ileile unayoonea viini vya seli. Wa kwenye maji analala juu ya tishu, inabidi ugeuze fokasi kumpata, na mara nyingi yupo hata kwenye sehemu tupu ya kioo. Pia usitumbukize slaidi ya mgonjwa na kontroo yenye TB kwenye chombo kimoja cha rangi, kwani kipande kikielea kutoka kwenye kontroo kinaweza kutua kwa mgonjwa.

Sasa tusome slaidi ya kesi yetu. Fundi mmoja akikimbilia lenzi ya 100 yenye mafuta, anaona vijistari vyekundu vilivyopinda katikati ya granuloma, vikali, vikiwa ndani kabisa ya tishu. Ni rahisi kuandika "ZN chanya" na kuondoka. Lakini anza na lenzi ya 10, na utaona kwamba vijistari hivyo ni sehemu za duara kubwa lililobonyea, lenye umbo la yai, na sehemu nyingine ya duara hilo imepasuka. Kipimo rahisi ni seli nyekundu ya damu, yenye upana wa mikromita 7 hivi. Bakteria wa TB ana urefu wa mikromita 2 hadi 4, yaani karibu nusu ya seli hiyo au pungufu. Vijistari tunavyoviona vinazidi seli nyekundu kadhaa zikipangwa mstari. Hivyo si bakteria. Ni ganda la yai la kichocho.

Ganda la yai la Schistosoma mansoni, kichocho cha tumbo kinachopatikana sana kandokando ya Ziwa Victoria, lina tabia ya kushika ZN. Yai zima lina urefu wa takribani mikromita 140, na mwiba wake uko ubavuni. Ganda la Schistosoma haematobium, kichocho cha mkojo tulichonacho sana huku pwani, kwa kawaida halishiki. Kwa hiyo ZN iliyoombwa kutafuta TB inaweza pia kusaidia kutofautisha aina za kichocho pale mwiba usipoonekana, na kwenye seksheni ya mikromita 4 mara nyingi hauonekani, kwani yai limekatwa na sehemu yenye mwiba imebaki kwenye seksheni nyingine. Fuata yai kwenye slaidi za jirani. Hapa ndipo zile namba za penseli zinapolipa. Tahadhari moja: ganda lililokufa zamani au lililojaa chokaa linaweza lisishike, kwa hiyo ganda lisilo jekundu peke yake halithibitishi kuwa ni haematobium.

Zimebaki punje nyekundu-zambarau ndani ya makrofaji. Seroidi nayo hushika ZN kidogo. Zilinganishe na slaidi ya PAS yenye diastasi: ni punje zilezile, mahali palepale, na ni punje, si vijiti. Bila PAS, msomaji angebaki akibishana na nafsi yake.

Baada ya hapo ndipo lenzi ya mafuta inapofaa. Pita kila granuloma pole pole, hasa ukingoni mwa uozo kama upo. Kwenye kesi yetu hakuna kijiti hata kimoja chenye umbo na ukubwa wa bakteria. Hata hivyo usiandike "hakuna TB." ZN kwenye seksheni inahitaji bakteria wengi ili mmoja aangukie kwenye mikromita 4 ulizokata, na granuloma nyingi za TB ya kweli hutoka hasi. Andika ulichokiona: bakteria wanaoshika ZN hawakuonekana.

Trikromu ya Masson

Sasa tunajua yai lipo. Swali linalobaki kwa daktari ni kovu: lipo kiasi gani, na limekaaje? Pierre Masson alieleza njia yake mwaka 1929. Inategemea ukubwa wa molekuli za rangi na jinsi tishu ilivyofumwa. Rangi nyekundu yenye molekuli ndogo inaingia kote. Asidi ya fosfotungstiki na fosfomolibdiki inaisukuma itoke kwenye kolajeni, ambayo imefumwa kwa nafasi, huku misuli na saitoplazimu zikibaki nayo. Kisha rangi ya buluu yenye molekuli kubwa inaingia kwenye kolajeni.

Tishu iliyohifadhiwa kwa formalini peke yake hutoa wekundu uliofifia. Kwa hiyo, baada ya kuondoa nta, weka slaidi kwenye kimiminika cha Bouin kwa nyuzi 56 hadi 60 kwa saa moja, au uiache usiku kucha kwenye joto la chumba. Osha hadi umanjano uishe kabisa. Bouin ina asidi ya pikriki, ambayo ikikauka inaweza kulipuka. Futa shingo ya chupa kila unapoifunga, na usiache mabaki yakaukie kwenye kifuniko.

Paka hematoksilini ya chuma ya Weigert dakika kumi. Hematoksilini ya kawaida haifai hapa kwa sababu asidi zinazofuata zitaiondoa kwenye viini. Weigert inachanganywa siku ya matumizi, kwani ikichanganywa haidumu. Osha dakika kumi. Kisha skaleti ya Biebrich na fuksini asidi kwa dakika kumi, suuza. Sasa asidi ya fosfotungstiki na fosfomolibdiki, dakika 10 hadi 15, ukitazama kwa hadubini: maeneo ya porta yawe yamepoteza wekundu wakati misuli ya mishipa bado ni myekundu. Usisuuze. Toa moja kwa moja, ingiza kwenye anilini buluu dakika 5 hadi 10. Suuza kwa haraka, kisha asidi asetiki ya asilimia 1 kwa dakika 2 hadi 5. Pandisha kwenye alkoholi bila kukawia, kwani alkoholi yenye maji inaosha buluu, kisha zailini na kavaslipu.

Ukiona kolajeni ya rangi ya zambarau, yaani nyekundu na buluu zimechanganyika, hatua ya asidi ya fosfotungstiki ilikuwa fupi. Ukiona ini lote lina ukungu wa buluu, anilini ilikaa sana au seksheni ni nene. Kontroo ni ya ndani: ukuta wa ateri kwenye eneo la porta una misuli myekundu na kolajeni ya buluu kandokando. Vikitengana vizuri, slaidi inasomeka.

Kwenye ini lenye afya, buluu ni kidogo: pembezoni mwa maeneo ya porta na ukanda mwembamba kuzunguka vena ya kati ya lobuli, kile kifungu kidogo cha seli kinachojenga ini. Kwenye kesi yetu maeneo ya porta yamepanuka na kujaa buluu nzito, ikizunguka granuloma kwa tabaka. Katikati ya buluu hiyo kuna nyuzi chache nyekundu zilizokatika, mabaki ya misuli ya ukuta wa mshipa lango uliobomolewa. Lakini lobuli zimebaki na mpangilio wake, vena za kati ziko mahali pake, na hakuna vinundu vilivyozungushiwa kovu kama kwenye sirosisi. Huu ni mtindo wa kichocho, ule ambao Symmers aliueleza mwaka 1904 kama kovu la umbo la mrija wa kiko. Unaeleza pia kwa nini mgonjwa wa kichocho anaweza kutapika damu kutokana na shinikizo la mshipa lango wakati seli zake za ini bado zinafanya kazi vizuri.

Mpaka wa sindano uheshimiwe. Kipande cha sentimita moja na nusu kinaweza kupita pembeni ya eneo lenye kovu zito, kwa hiyo sema kovu lipo na lina mtindo gani, usiseme ini zima limefikia wapi. Hilo ultrasaundi inaliona vizuri zaidi.

Ripoti

Kwa kesi hii ningeandika hivi: "Biopsi ya ini yenye granuloma za maeneo ya porta, zenye eosinofili na bila uozo wa jibini. ZN: maganda ya mayai yameshika rangi, sambamba na Schistosoma mansoni. Bakteria wanaoshika ZN hawakuonekana. Matokeo haya hayaondoi TB. PAS na PAS yenye diastasi: fangasi hawakuonekana, seroidi ipo ndani ya makrofaji. Trikromu: kovu la maeneo ya porta, mpangilio wa lobuli umehifadhiwa, hakuna sirosisi katika sampuli hii."

Kisha nampigia simu daktari kabla karatasi haijamfikia, kwa sababu yeye alitarajia jibu la TB. Namshauri apime choo kutafuta mayai ya kichocho kwa njia ya Kato-Katz, na kama dalili za TB bado zinamsumbua, apeleke makohozi au tishu mbichi kwa kipimo cha jeni. Seksheni zisizopakwa rangi zinabaki kwenye kisanduku pamoja na bloku, zikiwa na namba zake, kwa ajili ya Grocott au ZN ya pili ikiwa mgonjwa hatapata nafuu kwa prazikwanteli, dawa ya kichocho.